Jina la duka lako Instagram lisomeke na mteja asiyekujua

Wewe unayefungua duka Instagram mwezi huu, anza na sehemu moja ambayo wengi tunaipita haraka. Ukibonyeza Edit profile utakuta Username na Name. Username ni ile yenye alama ya @, haizidi herufi 30 wala haikubali nafasi. Name ni maandishi yaliyokolezwa yaliyo juu ya maelezo yako, na utafutaji unaisoma pia. Wengi tunarudia jina la duka huku na huku, nafasi ya pili inapotea bure.

Mimi nauza mashuka Kariakoo. Name yangu ya kwanza ilikuwa jina la biashara tu, tena kwa zile herufi za mapambo zinazonakiliwa mtandaoni, kama 𝓝𝓮𝓮𝓶𝓪. Machoni zinapendeza, lakini kwa mashine, hizo ni alama nyingine kabisa, si N wala e ya kawaida. Mteja wangu wa siku nyingi alinitafuta kwa kuandika jina la duka hakuniona, ikabidi aombe akaunti yangu kwa shoga yake.

Nikabadilisha, Name ikawa hivi:

```
Mashuka Kariakoo | Neema
```

Bidhaa imetangulia, mahali pakafuata, jina langu likaja mwisho. Anayetafuta hanijui mimi, anajua anachotaka, na anaandika “mashuka”, si “shuka”. Kwa hiyo sikiliza wateja wako wanaitaje kitu wanapopiga simu, neno hilohilo ndilo uliandike. Usiandike “malazi ya kisasa”, hakuna anayetafuta hivyo.

Bio ina nafasi ya herufi 150, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. Yangu:

```
Mashuka ya pamba 5x6 na 6x6
Jumla na rejareja
Kariakoo, Mtaa wa Kongo
Tunatuma mikoani
```

Hapo hazijafika hata 100. Vipimo nimeviweka kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila mteja. Aya ya dua au “karibuni sana wapendwa” ni nzuri, ila iweke kwenye posti. Bio ni kibao cha dukani.

Nikuambie ukweli, ukiandika “mashuka” peke yake utakutana na akaunti kubwa zilizokutangulia, na Name haitakupandisha juu yao. Faida utaiona mtu anapoongeza mahali, kama “mashuka kariakoo”.

Usijipime kwa simu yako. Instagram inatanguliza akaunti unazozitembelea, kwa hiyo utajiona wa kwanza kila siku. Omba simu ya mtu asiyekufuata, andika bidhaa na mahali, ushuke taratibu kwenye orodha ya akaunti. Na ufikirie vizuri kabla ya kuhifadhi: Name inabadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14. Mimi nilizimaliza zote mbili jioni moja, nikakaa na kosa la tahajia, “Kariako”, mpaka siku zikaisha.