Jasho ndo linaua mkanda, mvua inasingiziwa tu

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kutengeneza mikanda, mabegi na kamba za saa hapa Kampala, kitu cha kwanza mtasikia kwa wateja ni "fundi, mvua imeniharibia". Kila mtu anasema mvua. Mi nilivyoanza niliamini hivo hivo, mpaka nikaanza kuangalia mahali penyewe kitu kimeharibika, nikaona mara nyingi ni upande ule unaogusa mwili na sio ule unaotazama mawingu. Maji ya mvua yakikauka hayaachi kitu cha maana nyuma. Jasho likikauka linaacha chumvi, na ile chumvi inavuta unyevu tena kesho yake, inarudi kulowa bila mvua hata tone moja, na inaongezeka kila siku mtu akivaa.

Niwape mfano wa mteja mmoja, boda wa stage ya karibu na kibanda changu, maana alikuja na vitu vitatu siku moja na kila kimoja kina ugonjwa wake. Ilikuwa Novemba, mvua za pili bado zinapiga. Mkanda umebambuka, saa ya chuma imedondoka mkononi, begi la turubai mkanda wake wa begani umekatika. Akasema "kaka, mvua imenimaliza".

Tuanze na mkanda. Aliununua kama ngozi, na kwa nyuma umepigwa muhuri wa ngozi kabisa. Juu ulikuwa unachubuka vipande vidogo kama rangi ya ukuta wa zamani, zaidi pale kwenye tundu analotumia kila siku na kiunoni upande wa ndani. Nikachukua kisu nikakata ncha kidogo, nikamwonyesha. Ngozi nzima ukiikata unaona nyuzinyuzi zimeshikana kutoka juu mpaka chini, ngumu kuzitenganisha. Huu wake juu kulikuwa na utando mwembamba wa plastiki unaong'aa, chini yake kitu cha kahawia kama kadibodi, ukikuna na kucha unapukutika. Hiyo ni unga wa mabaki ya ngozi umegandishwa na gundi, juu ukapakwa plastiki inaitwa poliyurethani. Ngozi imo kweli ndani, kwa hiyo muuzaji hadanganyi kabisa, ila sio ngozi unayoifikiria.

Sasa sikilizeni hapa, maana hii ndo nataka mshike. Hiyo poliyurethani ya bei rahisi adui yake ni unyevu ukichanganyika na joto. Maji yanaingia polepole yanakata ile minyororo inayoishikilia, plastiki inapoteza nguvu, mwishoe inachubuka. Haihitaji kunyeshewa, jasho la kiunoni na joto la mwili vinatosha, na hata mkanda uliofungiwa sandukuni miaka kadhaa bila kuvaliwa unaweza kutoka umechubuka. Ndo maana usikubali kazi ya kuubandika gundi, nimejaribu sana zamani, unabandika hapa kesho unachubuka pale, mteja anarudi na hasira na hela umeshakula. Mwambie ukweli, huo umekwisha, chukua bizimu lake tumfungie kwenye mkanda mwingine.

Na ukishaujua huo ugonjwa utauona kila mahali. Begi la nailoni ambalo ndani linanata na kutoa vumbi jeupe, nguo yenyewe bado nzima kabisa, ni ule utando wa ndani wa kuzuia mvua, plastiki ile ile. Kamba za saa za plastiki ngumu zinazokatika kwenye matundu baada ya miaka, mara nyingi ni hiyo hiyo. Mteja anadhani ni vitu vitatu tofauti kumbe ni kitu kimoja kimepakwa sehemu tatu.

Nikarudi kwa boda wetu, nimpe nini? Ngozi nzima nzuri nilikuwa nayo, ila nikamuuliza anashinda juu ya pikipiki saa ngapi, akasema toka asubuhi mpaka usiku, jua, mvua, na jaketi zito juu. Mtu wa hivo simpi ngozi kwa kazi. Ngozi inakunywa jasho, chumvi inakaa ndani, mafuta yake yanatoka kidogo kidogo, halafu ikikauka inakuwa ngumu na kupasuka kwenye mkunjo. Ngozi ni ya mtu wa ofisini au anayebadilisha mikanda miwili, leo huu kesho ule, ili mmoja upumzike na kukauka. Yeye nikamshonea wa utepe wa polista. Nailoni pia ingefaa, ni imara na inavumilia kusuguliwa, ila inakunywa maji kiasi na ikilowa inanyooka kidogo, mtu anajikuta anakaza suruali kila baada ya mvua. Polista karibu hainywi maji na inavumilia jua vizuri zaidi. Nikamwambia aufue kwa sabuni kila wiki, maana utepe nao unashika chumvi na harufu, tofauti ni kwamba huu unafulika na ngozi haifuliki.

Kwenye bizimu na ribiti nako muwe makini, hasa mkizifunga kwenye ngozi. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kupiga ribiti za chuma cha kawaida kwenye mkanda wa ngozi ile inayolainishwa kwa magome ya miti, ya rangi ya kahawia hafifu. Mvua moja tu, kila ribiti ikazungukwa na doa jeusi kama wino. Alidhani ni uchafu akasugua na sabuni, halikutoka. Ni zile dawa za magome zikikutana na chuma kwenye maji zinageuka nyeusi, mnaweza kujaribu wenyewe, tia msumari wa chuma kwenye chai ya rangi uache usiku kucha, asubuhi chai imekuwa nyeusi. Kwa ngozi ya hivo tumieni shaba ya njano au stenlesi. Shaba itatoa ukijani kidogo ikikaa na mafuta na jasho, lakini ukijani unafutika na kitambaa, ule weusi umeingia ndani ya ngozi haufutiki.

Saa yake sasa. Mkanda wa stenlesi, ukiutazama hauna shida yoyote, unang'aa. Kilichokatika ni ile pini ndogo ya springi inayoshikilia mkanda kwenye saa. Wengi wanasahau kwamba mkanda unaweza kuwa chuma kizuri na pini ikawa chuma cha hovyo, imejificha kwenye tundu ambapo jasho linaingia na halikauki. Nilipoitoa ilikuwa na kutu nyekundu, na ile nusu iliyobaki ukiibonyeza inakwama hairudi. Hicho ndo kipimo, kila saa ikija mezani kwenu hata kama imeletwa kwa betri tu, bonyezeni pini na kifaa chenu, ikirudi kwa uvivu ibadilisheni, ni kitu cha bei ndogo sana na saa ikidondoka barabarani Kampala imekwenda.

Na stenlesi yenyewe sio kwamba haiguswi. Katikati ya vile vipande vya mkanda kuna uchafu mweusi, ni ngozi ya mwili iliyokufa, vumbi na jasho. Chumvi ikifungiwa humo bila hewa inaweza kutoboa hata stenlesi vitundu vidogo. Tukautoa mkanda kwenye saa kwanza, hilo msisahau maana saa nyingi zinazoletwa haziwezi maji hata kama mgongoni zimeandikwa hivo, raba ya ndani imeshazeeka. Mswaki mlaini, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, kusuuza vizuri, kukausha. Maji yalitoka kama ya kuoshea sufuria. Akaniuliza kwa nini mkono unamwasha chini ya saa, nikamwonyesha yale maji. Kama mkono unaendelea kuwasha hata baada ya kuosha inaweza kuwa ni nikeli, kuna watu ngozi zao hazipatani nayo, hao wabadilishiwe wavae kitambaa au silikoni.

Kuhusu silikoni na raba sina mengi. Hazinywi jasho, unasuuza bombani umemaliza, kwa boda ni nzuri sana. Shida ni kwamba jasho linabaki limefungiwa chini yake, mkono unatoka vipele, kwa hiyo ivaliwe na nafasi kidogo na jioni ivuliwe. Silikoni ikipata mkwaruzo wa kisu inachanika haraka, na raba ya asili haipendi jua wala mafuta ya injini.

Begi lake la turubai ndo lilikuwa na mafunzo zaidi. Kitambaa cha pamba kizima, kimetoka vidoadoa vyeusi vya ukungu tu, lakini mshono wa begani umeoza. Ulishonwa na uzi wa pamba, na pale begani ndo jasho la mgongo na mvua vinakutana kila siku. Uzi ukiuvuta unakatika kama uzi wa buibui. Nikafumua mishono yote miwili, sio ule uliokatika peke yake, maana mwenzake una umri ule ule, nikashona na polista nene, nikarudisha sindano mara tatu mwanzo na mwisho. Ukungu tukaupiga burashi nje, sio ndani ya kibanda maana unahamia kwenye ngozi zilizoning'inizwa.

Lilikuwa na kipande cha ngozi chini, kimekakamaa kama mbao. Nikamuuliza ulikaushaje, akasema aliweka karibu na sigiri. Ngozi iliyolowa maji ikipata joto kali inajikunja na kuwa ngumu na hapo hairudi, mafuta yoyote utakayopaka yanalainisha juu tu. Ngozi iliyolowa ifuteni kwanza yote na kitambaa chenye maji safi ili isibaki na mstari wa doa, jazeni magazeti ndani ya begi, mbadilishe yakilowa, ikae kivulini penye upepo siku moja au mbili. Ikikaribia kukauka ndo mpake mafuta ya ngozi, kidogo sana. Mafuta ya kupikia hapana, yanachacha na kunuka. Na msihifadhi ngozi kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, mnaufungia ukungu chakula na nyumba.

Huyo boda alirudi Aprili, mvua za kwanza. Mkanda wa polista umepauka rangi kidogo tu, mshono wa begi nikauvuta kwa nguvu haukusogea, saa alikuwa anaosha kila Jumapili. Alichokileta ni zipu ya begi, kichwa chake kimekwama na chumvi nyeupe pembeni. Nikakiosha na maji na mswaki, nikapaka nta ya mshumaa kwenye meno ya zipu, ikapita.