Kusoma joto la chuma kwa rangi: kutoka damu ya mzee hadi manjano

Swali: "Wakuu, nafua tindo kwa springi za lori. Nafuata chati ya rangi niliyoitoa mtandaoni, lakini nyingine zinakatika kwa pigo la kwanza na nyingine zinabaki laini. Sina kipima joto. Nakosea wapi?"

Mkuu, weka hiyo chati pembeni kwanza. Ile rangi ilipigwa picha kwenye mwanga wa mtu mwingine, ikapita kwenye kamera, ikaishia kwenye kioo cha simu yako. Chuma cha nyuzi 700 ndani ya banda lenye giza kinaonekana chekundu bila ubishi. Kitoe kwenye jua la saa sita, utaapa kuwa hakijawaka. Anayefua juani huzidisha moto mpaka auone wekundu anaoutafuta, na kufikia hapo chuma kimeshapitiliza. Hizo ndizo tindo zinazokatika. Zile laini mara nyingi ni za jioni: giza likiingia, hata wekundu hafifu unaonekana mkali, fundi anachovya mapema.

Kwa hiyo kabla ya rangi, rekebisha mwanga. Chukua nusu ya pipa la mafuta, lilaze kando ya tanuri mdomo ukitazama mbali na jua, ulipake masizi ndani. Chuma kikitoka motoni, kiingize humo ndipo ukisome. Usikisome kikiwa katikati ya makaa, kwa sababu mwanga wa moto unaruka juu yake na kukidanganya. Na usikodolee moto kwanza. Jicho lililotoka kutazama makaa meupe huona kila kitu kuwa cheusi kwa muda. Miwani ya jua, au ya kuchomelea, ivue. Vaa ile nyeupe ya kukinga macho.

Sasa unahitaji alama mbili za uhakika za kufungia jicho lako. Ya kwanza ni sumaku. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku karibu na nyuzi 770. Sumaku ya spika mbovu iliyoning'inizwa kwa waya inatosha. Gusisha na uondoe haraka, maana yenyewe ikipata moto inakufa. Jambo linalowapotosha wengi ni hili: pima chuma kikiwa kinapanda joto, si kikishuka. Kikishapita pale juu, kikirudi chini hakishikwi na sumaku tena mpaka kipoe zaidi sana ya pale kilipoiachia. Ukipima kikishuka utakariri rangi ya giza mno.

Ya pili ni chumvi ya mezani, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 801. Sugua magamba kwa brashi ya waya, nyunyiza punje chache juu ya chuma. Zikikaa nyeupe na kurukaruka, bado. Zikigeuka maji yanayong'aa na kutambaa, umefika. Springi nyingi za lori hutaka kuchovywa kwenye mafuta zikiwa karibu na nyuzi 830, yaani kivuli kimoja tu juu ya ile rangi iliyoyeyusha chumvi. Ndani ya pipa lako utaiona ni nyekundu iliyochangamka, bado haijaanza kuwa chungwa.

Ukiwa kwenye mwanga hafifu, kuna kitu kingine cha kutazama. Chuma kikikaribia badiliko lake la ndani, hunywa joto bila kupanda, na utaona vivuli vyeusi vinatembea juu ya wekundu, vikianzia kwenye ncha nyembamba na kurudi kwenye unene. Kivuli cha mwisho kikishatoweka, sehemu yote imebadilika. Ukikiacha kipoe taratibu, utaona kinyume chake: kinafifia, kisha ghafla kinang'aa kidogo, halafu kinaendelea kufifia. Ukishaviona hivyo vivuli mara moja, sumaku itabaki ya kuhakikishia tu.

Kwa kufua chenyewe huhitaji umakini wa namna hiyo. Ile damu ya mzee, karibu nyuzi 600 hadi 650, si rangi ya kupigia nyundo. Chuma bado ni kigumu na kinapasuka kwenye kingo. Kuchonga ncha ya tindo, kipashe hadi chungwa linaloelekea manjano, karibu nyuzi 1050, upige kwa nguvu, kisha punguza mapigo kadiri kinavyorudi kwenye wekundu. Wekundu ukianza kuwa wa giza, kirudishe motoni hata kama ulibakiza mapigo mawili. Manjano angavu, nyuzi 1150 na kuendelea, ni mpaka wa kuogopa kwa chuma chenye kaboni ya springi: kinafinyangika kwa raha, lakini ukigeuka kuongeza mkaa ncha inaungua. Na ncha ndiyo hutangulia kila mara. Mwili ukiwa chungwa, kona zinaweza kuwa tayari manjano, basi soma kona, usisome katikati.

Kinyume chake, kwenye kuchovya soma unene. Uso unaweza kuonyesha rangi sahihi huku moyo wa chuma uko nyuma. Punguza upepo wa feni, kigeuzegeuze mpaka rangi iwe moja pande zote, bila mabaka. Magamba nayo hupoa haraka kuliko chuma kilicho chini yake na kuonekana meusi; baka jeusi likiondoka kwa brashi, lilikuwa gamba.

Kuijua rangi sahihi ya chuma ulicho nacho, maana springi hazifanani, vunja kipande cha majaribio. Kata ufito wa springi hiyohiyo, urefu kama sentimita 16, upana 2. Kwa grainda chora mikato myembamba kila sentimita 2. Pasha ncha moja hadi manjano huku nyingine ikibaki nyeusi, ili rangi zote zipangane kwenye ufito. Utazame ndani ya pipa, mwenzako aandike rangi ya kila mkato unavyomtajia, kisha uchovye wote kwenye mafuta yaliyopashwa vuguvugu.

Ukipoa, pitisha tupa kila kipande, halafu ubane kwenye vaisi, ufunike kwa kitambaa, uvunje mkato baada ya mkato. Upande uliokuwa manjano utakatika kirahisi na kuonyesha chembe kubwa zinazometameta kama sukari. Kadiri unavyorudi, chembe zinapungua, mpaka ufike mahali ambapo mvunjiko ni wa kijivu laini usiometa na tupa inateleza. Baada ya hapo kipande kinapinda kabla ya kukatika na tupa inauma. Rangi uliyoandika kwenye ule mkato wa kijivu laini ndiyo ya kuchovyea.

Usichanganye haya na rangi za kupunguza ugumu baada ya kuchovya. Zambarau na buluu za tindo ni utando mwembamba juu ya chuma kilichosuguliwa, huja kati ya nyuzi 270 na 300 hivi, na hapo chuma hakiwaki kabisa.

Tindo iliyozidi moto ikaota chembe kubwa bado inaokolewa: ipashe hadi kidogo juu ya rangi ya sumaku, iache ipoe kwenye hewa tulivu mpaka wekundu uishe wote, rudia mara tatu, ndipo uchovye upya. Iliyorusha cheche nyeupe motoni haiokoleki, kwa kuwa imeungua mpaka kati ya chembe zake. Kata ncha hiyo, uendelee kukata mpaka mvunjiko usiwe na nyufa wala weusi ndani, kisha ufue ncha mpya.