Kipeperushi cha darasa la jioni: futa neno "fasaha"

Msomaji mmoja anayefungua darasa la jioni la Kiingereza na kompyuta kwa watu wazima walio kazini amenitumia kipeperushi chake nikipitie kabla hajakipeleka kwa mpiga chapa. Mstari wa juu kabisa: "Ongea Kiingereza fasaha kwa miezi 3!" Nimemwambia aufute.

Niliwahi kufundisha mahali palipotangaza maneno hayohayo. Miezi mitatu ilipokwisha, tuliolaumiwa ni sisi tuliosimama ubaoni, si aliyeyaandika. Mama mmoja, mhudumu wa mapokezi, aliniuliza mbele ya wenzake kama yeye ni mzito wa kichwa. Hakuwa mzito hata kidogo. Mpaka leo inaniuma.

Piga hesabu. Jioni 3 kwa wiki, saa moja na nusu kila jioni, kwa wiki 12, ni saa 54. Cambridge, watunzi wa mitihani ya Kiingereza, hukadiria kwamba anayeanza sifuri huhitaji kama saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili afike A2, ngazi ya mazungumzo mepesi ya kila siku. Kwa hiyo ahidi kinachoingia ndani ya saa 54, na ukitaje kwa vitendo:

"Baada ya wiki 12 utaweza kupokea simu kwa Kiingereza, kumwelekeza mgeni ofisini, na kutuma barua pepe yenye kiambatisho bila kusaidiwa."

Hapo kompyuta nayo imeshaingia. Orodha ya "Word, Excel, Intaneti" haimwambii kitu mtu ambaye kila siku humwomba kijana wa ofisini amtumie barua.

Anayetoka kazini hutafuta muda kabla ya kitu kingine chochote, basi uandike kwa herufi kubwa: "Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa 12:30 jioni hadi saa 2:00 usiku." Usiandike 6:30 ya Kizungu, maana kuna watakaoisoma kama saa sita na nusu mchana, wakati wako kazini, na watakitupa.

Chini yake weka mstari ninaojivunia kuliko yote niliyowahi kuandika: "Hujawahi kushika kompyuta? Lipo darasa la wanaoanza, na wote ni watu wazima." Watu wazima wengi hawaogopi masomo, wanaogopa kukaa dawati moja na vijana wa umri wa watoto wao. Lakini kama utawachanganya, usiuandike. Jioni ya kwanza tu watajua umewadanganya, na hawarudi.

Kisha chapisha nakala chache kwanza, uweke daftari karibu na simu. Kila swali linalojirudia kwa wapigaji ni mstari unaokosekana. Kwetu waliuliza mno kama watashirikiana kompyuta, ndipo tukaongeza, chini ya muda: "Kila mwanafunzi na kompyuta yake."