Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo IST ya bei ya kutupa

"Shikamoo baba. Nimepata IST hapa Dodoma, mwenyewe anahama anataka milioni saba, wenzake wanauza kumi na kuendelea. Niliiwasha, injini inanguruma vizuri kabisa. Ana haraka, anataka pesa kabla ya Ijumaa. Nilipe?"

Marahaba mwanangu. Usilipe kwanza. Nikikwambia hivyo tu utaniona mzee mwoga, kwa hiyo nikusimulie jambo ambalo hata mama yako alilijua nusu nusu.

Mwaka 2011 nilikuwa bado naendesha teksi ya mtu pale kijiweni. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka neno "hesabu" lilivyokuwa linatajwa nyumbani kila jioni. Upate abiria usipate, bosi anataka hesabu yake. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na akiba, mama yako akaongezea pesa ya kikoba, tukafika milioni nne na kitu. Ndipo dalali mmoja akaniletea Corolla 110, nyeupe, rangi inameta, kwa milioni nne na laki mbili. Wakati huo gari kama ile hukuipata chini ya milioni sita. Mwenyewe, akasema dalali, anasafiri. Wauzaji wa namna hii wote huwa wanasafiri, sijui wanakwenda wapi.

Niliiwasha nikiwa hapo hapo kijiweni. Ikaitika mara moja. Nikaizungusha Kariakoo na kurudi, mshale wa joto haukupanda hata nusu. Nilishaamua. Nilimwita ba'mdogo wako fundi, yule wa gereji ya chini ya mwembe, si kuuliza ushauri bali aje aone nimepata nini.

Hakufungua boneti. Aliweka kiganja juu yake tu, akanivuta pembeni. "Gari hii imeletwa ikiwa ya moto," akasema. "Injini ya moto haisemi kitu. Mwambie tutaifuata kwake kesho alfajiri, na asiiwashe kabla hatujafika." Dalali alinuna, akasema kuna mteja mwingine. Ba'mdogo akamjibu, "Basi mpe huyo." Nusura nimpige ngumi ba'mdogo wako.

Kesho yake saa kumi na mbili kasoro tulikuwa Tabata, umande bado uko kwenye kioo. Boneti baridi. Sasa ndipo akaifungua, akaanza na jambo ambalo usilifanye kamwe kwenye injini ya moto maana maji yatakurukia usoni: akafungua mfuniko wa rejeta. Mfuniko ulikuwa mpya kabisa. Ndani hamkuwa na kulanti, ile nyekundu au ya kijani, yalikuwa maji matupu ya bomba, na juu yake utando mwembamba wa mafuta unaong'aa rangi rangi kama dimbwi la sheli. Akaniambia niwashe, nisikanyage mafuta, nije nitazame pale mdomoni mwa rejeta.

Mapovu yalikuwa yanatoka. Madogo madogo, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Akasema mapovu machache mwanzoni si kitu, huenda ni hewa iliyobaki ndani na itakwisha. Tukasubiri. Hayakwisha. Akarudisha mfuniko, akanishikisha mpira wa juu wa rejeta. Mpira ulikuwa bado wa baridi lakini umeshajaa na kuwa mgumu kama tairi la baiskeli lililopigwa pampu. Maji baridi hayana nguvu ya kuvimbisha mpira. Kinachouvimbisha ni moshi wa ndani ya silinda unaopenya kwenye njia ya maji, na unapenya kwa sababu gasketi ya hedi imeungua.

Nikamuuliza, mbona jana haikuchemsha? Akacheka. Akaniambia nishike tena ule mpira. Sasa ulikuwa umeanza kupata uvuguvugu, taratibu. Themostati ikiwepo, mpira huo hukaa baridi kwa muda, kisha maji yakifika kama nyuzi 82 themostati inafunguka na unaunguza mkono ghafla. Ule haukuwa na ghafla yoyote. Themostati ilikuwa imeng'olewa. Hilo peke yake si ushahidi, maana hapa Dar mafundi wengi wanaitupa wakidhani kuitoa kunasaidia kwenye joto letu. Lakini ukiitoa kwenye gari lenye gasketi mbovu, maji yanazunguka muda wote na mshale unachelewa kupanda, kwa hiyo mteja anaweza kuzunguka nusu saa asione kitu. Siri ingetoboka saa saba mchana kwenye foleni ya Ubungo, nikiwa na abiria nyuma na kiyoyozi kimewashwa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipotaka kupotea. Nilimuuliza gharama. Akapiga hesabu kwa vidole: gasketi, hedi kuitoa na kuipeleka ikasagwe uso kwa mashine kwa sababu ikipinda hata unene wa unywele gasketi mpya nayo itaungua, kuzibua rejeta, themostati, oili mpya, na mkono wake. Laki sita hivi. Mimi kichwani nikatoa: gari iko chini ya soko kwa milioni moja na laki nane, nikitoa laki sita bado nimebakiwa na milioni moja na laki mbili. Nikamwambia, basi nzuri, nitampunguza tena kidogo niichukue. Na hesabu yangu haikuwa mbaya. Gasketi ni ugonjwa wenye bei.

Ba'mdogo hakubisha. Akafunga boneti, akaenda nyuma. Akaniuliza swali moja: "Gari kuukuu hivi, kwa nini mkeka wa buti ni mpya?"

Nilikuwa nimeuona ule mkeka jana yake, nikaufurahia.

Akaukunjua, akatoa spea tairi, akawasha tochi. Lile shimo la spea tairi kwa kawaida huwa ni bati moja lililofinyangwa kiwandani, na pale linapoungana na bodi unaona vidoto vya duara vya mashine, vimepangwa kwa nafasi sawa kama mishono ya cherehani. Upande wa kulia vidoto vilikuwepo. Upande wa kushoto palikuwa na mstari wa kuchomelea kwa mkono, una manundu kama kovu, juu yake umepakwa rangi nzito nyeusi ya lami ambayo bado ilikuwa inanata kidoleni. Akaingia chini ya gari kwa mgongo, akaniita nami niingie. Ile lami ilikuwa imepakwa nyuma tu. Mbele chini palikuwa na vumbi na kutu ya miaka, kama inavyotakiwa.

Gari lile lilikuwa limegongwa nyuma likakatwa, likaungwa na nyuma ya gari jingine. Kule kumeta kote kulikuwa puti. Alitoa kisumaku alichong'oa kwenye spika mbovu, akakibandika mlango wa mbele kikashika, akakileta ubavu wa nyuma kikaanguka chini.

Bado niling'ang'ana. Nikasema limeungwa, lakini si linatembea? Akamwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya saruji pale uani, akanambia nilipitishe juu ya maji taratibu, usukani umenyooka. Nikashuka kutazama. Gari lililonyooka, matairi ya nyuma yanakanyaga karibu kabisa alama za yale ya mbele, unaona mistari miwili. Mimi niliona minne. Lilikuwa linatembea upande, kama kaa. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani mpaka nyuzi, na huo upande wa ndani ndio usiouona ukiwa umesimama.

Hapo hakupiga hesabu ya vidole. Alisema tu kwamba hiyo haina bei. Unaweza kununua matairi kila baada ya miezi michache, unaweza kulivuta kwa mashine likakaribia kunyooka, lakini likigongwa tena bati lililochomelewa halijui kujikunja kama la kiwandani, na teksi abiria wake anakaa nyuma. Nilirudi kijiweni kwa daladala. Sikumsemesha siku mbili. Nilipeleka hesabu kwa bosi mwaka mmoja na nusu mwingine, na hiyo sikufichi, iliuma.

Rudi kwenye IST yako. Huyo mtu anaweza kuwa anahama kweli. Lakini uliiwasha saa ngapi, na ulipofika ilikuwa ya moto au ya baridi? Hukuniambia. Mwambie Ijumaa yake isubiri, utakwenda Jumamosi alfajiri na aiache bila kuiwasha. Ukifika, shika boneti kwanza. Kama ni ya moto, salimiana naye, ondoka. IST nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikipata joto. Weka saa kwenye simu uone inachukua muda gani. Ikikaa sana bila kuzimika wakati gari linanguruma tu, kumbuka habari ya themostati. Na ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa ya injini na ya oili lazima ziwake, kisha zizimike ukishawasha. Ambayo haiwaki kabisa huenda imetolewa balbu ili isikuambie kitu.

Kisha nenda nyuma, kunjua mkeka, toa spea tairi, piga picha pande zote mbili uzitume kwangu. Tazama vidoto. Habari za kadi na kuhakiki namba ya chasisi TRA tutaongea kwa simu, hizo ni ndefu.

Ba'mdogo wako nimemwambia. Kuna kijana alimfundisha kazi yuko hapo Dodoma, atakwenda nawe hiyo Jumamosi. Mpe nauli na hela ya chai, usimpe kidogo. Tatizo likiwa kwenye injini akakutajia gharama, nipigie tupige hesabu pamoja, huenda bado ukainunua. Akikuambia limeungwa, usinipigie kuniuliza kitu, rudi nyumbani ukalale.

Mama yako anakusalimu. Anauliza ule mfuko wa dagaa uliupata au dereva wa basi amekula.

Baba yako