Mlio wa maji kwenye feni-koili za vyumba vya wageni

«Feni-koili, zile mashine za feni na koili zinazopoza vyumba, zinagugumia usiku na wageni wanalalamika. Nibadilishe mashine?»

Ndugu, tazama kwanza feni imekaa wapi. Ikiwa inavuta hewa kupitia koili, hewa hunyonywa pia kupitia bomba la kutolea maji, nayo ndiyo inayogugumia na kuyazuia maji kwenye trei hadi feni izimwe. Dawa yake ni trapu, yaani kipinde cha bomba kinachobaki na maji ili kuzuia hewa: mvuto wa feni wa paskali 60 ni sawa na milimita 6 tu za maji, hivyo kina cha maji ya trapu cha milimita 50 kinatosha kabisa, mradi bomba literemke sentimita 1 kwa kila mita. Trapu iliyokauka ijazwe maji. Ukilazimika kununua mashine nyingine, chagua inayomudu joto la chumba kwa kasi ya kati, kwani kasi ya juu ndiyo yenye kelele.