Uzi Mweupe Kwenye Ukingo wa Kubadhi: Namna Ninavyokata Picha ya Bidhaa Pamoja na Kivuli Chake

Juma lililopita msomaji mmoja wa Likoni, muuza mikoba, aliniandikia kuniuliza kwa nini kila picha anayoikata inaonekana safi juu ya karatasi nyeupe, lakini akiiweka juu ya rangi nyingine inazungukwa na mstari mweupe, na kivuli chake kinageuka doa la kijivu. Nimemjibu hapa badala ya kumjibu faraghani, kwa sababu makosa hayo mawili ndiyo yaliyonipotezea mteja miaka mitatu iliyopita, na bado nayakumbuka kwa uchungu.

Mteja huyo ni fundi wa makubadhi katika Mji wa Kale. Nilipiga picha ya kubadhi lake juu ya ubao mweupe, karibu na dirisha, nikalikata na kulipeleka kwa mchapaji wa bango ambalo rangi yake ya chini ilikuwa damu ya mzee. Bango lilipotundikwa mzee alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mbona kiatu changu kimeshonwa uzi mweupe ambao mimi sikuushona?” Sikuwa na jibu. Alinilipa fedha zangu zote, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angeninyima, na kazi iliyofuata akampa mtu mwingine.

Uzi ule haukutokana na mkono kutetemeka. Pikseli za ukingoni katika picha yoyote si za ngozi tupu wala si za ubao mtupu, bali ni mchanganyiko wa vyote viwili. Katika kipimo kinachoanza 0, yaani nyeusi kabisa, hadi 255, yaani nyeupe kabisa, ikiwa ngozi ina mwangaza wa 70 na ubao una 255, pikseli iliyo nusu kwa nusu itakuwa na takriban 163. Ukiikata na kuiweka juu ya rangi nzito, pikseli hiyo inakuja na weupe wa ubao ndani yake, na hata ukilainisha ukingo namna gani, unalainisha weupe uleule. Mimi nilikuwa nikiongeza ulaini kila nilipouona mstari, na kila nilipoongeza, mstari ulinenepa.

Sasa ninafanya hivi, nikitumia GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure. Ninachora njia kwa `Paths`, nikiweka nukta chache na kuzivuta zijipinde, kwa kuwa nukta nyingi huufanya ukingo wa soli uwe na vinundu. Njia hiyo siipitishi juu ya mpaka wenyewe, bali ndani yake kwa pikseli moja au mbili, katika picha yenye upana wa pikseli 4000 hivi. Sisahau uwazi ulio chini ya ukanda wa kidole, kwa sababu ukilitazama kubadhi kwa ubavu, ubao unaonekana hapo, na tundu lililosahauliwa hubaki kama kiraka cheupe katikati ya kiatu. Njia ikikamilika ninaigeuza kuwa uteuzi, ninailainisha kwa pikseli moja tu kwa `Feather`, kisha ninaliwekea tabaka maski inayofuata uteuzi huo. Sifuti kitu, kwa kuwa maski inaficha tu, na kilichofichwa kinaweza kurejeshwa.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Ninaondoa uteuzi, ninabofya picha yenyewe, si maski, ninachukua `Clone`, na kwa brashi ndogo ninanakili ngozi iliyo pikseli nne au tano ndani, nikiipaka kuelekea nje mpaka ivuke ukingo. Umbo halibadiliki, kwa sababu linashikwa na maski. Kinachobadilika ni rangi iliyo chini ya ukingo laini, ambayo sasa ni ngozi tupu. Kwenye mshono wa pembeni ninakwenda taratibu na kuchukua ngozi ya palepale, kwa maana kila mahali pana rangi yake, na upande wa dirisha ni mwangavu kuliko upande wa kisigino. Kubadhi moja hunichukua dakika ishirini kwa kazi hii pekee, na sioni aibu kuzitoza.

Kivuli kina ugonjwa wake. Zamani nilikuwa nikikiweka katika tabaka la `Multiply`, na ndani ya programu kilipendeza sana. Lakini faili ya PNG haibebi agizo la namna tabaka linavyochanganyika na la chini yake. Inabeba rangi ya kila pikseli na kiasi cha uwazi wake, basi. Kwa hiyo mchapaji alipokea kijivu, akachapa kijivu. Kivuli cha kweli cha faili yenye uwazi ni weusi mtupu, ambao unene wake unaamuliwa na uwazi.

Ili kukipata, ninanakili picha ya awali na kuiweka chini ya kubadhi lililokatwa. Ninaiondolea rangi kwa `Desaturate`, kisha ninafungua `Levels`. Ubao wa mzee, ingawa ulionekana mweupe kwa macho, ulisomeka 236, na nikavuta kidude cha weupe mpaka hapo ili ubao uwe 255 kamili. Usipofanya hivyo, ubao mzima utabaki kama utando mwembamba, na juu ya bango jeupe utaona umbo la mstatili kulizunguka kubadhi. Kisha ninapaka weupe juu ya kubadhi la tabaka hili, nikivuka mpaka kidogo upande usio na kivuli, na upande wenye kivuli ninanakili kivuli kiingie chini ya soli. Mwishowe ninatumia `Color to Alpha` kwa rangi nyeupe. Weupe wote unatoweka, na kijivu kinageuka weusi wenye uwazi: sehemu iliyosomeka 204 ikawa weusi wa asilimia 20.

Utaona kwamba kivuli kina sehemu mbili. Kuna kile kipana, laini, kinachoangukia upande ulio mbali na dirisha, na kuna mstari mwembamba mweusi pale soli inapougusa ubao. Huo wa pili usiuguse kabisa. Ukiufifisha, kiatu kinaelea hewani, na mtazamaji ataona kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Usiniletee faili uliyoitazama juu ya rangi moja. Weka chini yake tabaka nyeusi, kisha nyeupe, kisha nyekundu iliyokolea, ukuze mwonekano wa picha hadi asilimia 200 na uzunguke ukingo wote. Nyeusi itafichua uzi, nyeupe itafichua utando, nyekundu itafichua kijivu. Wala usiitume kwa WhatsApp kama picha, kwa kuwa uwazi utapotea njiani. Itume kama `Document`. Njia hii ina mipaka pia: kwa chupa ya kioo haifai, kwa sababu ubao unaonekana kupitia bidhaa yenyewe, na bidhaa nyeupe ni afadhali uipige picha upya juu ya ubao wa kijivu.

Mwezi uliopita mzee alinipigia simu mwenyewe. Nilimpelekea faili mbili, moja yenye kivuli na moja isiyo nacho, nikamweleza kwamba juu ya rangi nyeusi kabisa kivuli hakiwezi kuonekana. Alichagua tena damu ya mzee. Bango lilipotundikwa alipitisha kidole gumba juu ya ukingo wa soli, kutoka kisigino mpaka kidole, polepole, kama anavyokagua mshono, kisha akaingia dukani akatoka na jozi nyingine sita.