Kusoma madoa ya COSY: kampaundi ya mbegu za zabibu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetenga kampaundi kutoka mbegu za zabibu za Hombolo, nikaipima kwa NMR kwenye methanoli yenye deuteri. Chini ya 5 ppm kuna vilele vyake vinne: 4.57, 3.98, 2.85 na 2.51. Chati ya COSY naiona madoa matupu. Nianzie wapi mpaka nipate muundo?

JIBU: Marahaba. Madoa yaliyo kwenye mstari wa mshazari yaache, ni spektra yako ya kawaida tu. Kazi iko kwa yaliyo nje ya mstari: kila moja linasema protoni mbili zinaathiriana, kwa kawaida zikitenganishwa na bondi mbili au tatu. Doa la kweli lina pacha wake upande wa pili wa mshazari. Michirizi ya wima inayotokana na kilele kikubwa cha maji haina pacha.

Anza na 3.98, kwa sababu ndicho chenye majirani wengi. Fuata mstari wa wima, juu na chini, kutoka hapo kwenye mshazari: utakuta doa la 4.57, la 2.85 na la 2.51. Kwa hiyo 3.98 imekaa katikati. Kilele cha 4.57 kina doa hilo moja tu, basi ni ncha ya mnyororo.

Sasa angalia doa kali kati ya 2.85 na 2.51. Wengi hapa huongeza kaboni isiyokuwepo, wakidhani ni majirani wa kaboni mbili tofauti. Fungua HSQC, chati inayoonyesha kila protoni imeshikwa na kaboni ipi: zote mbili zinaangukia kaboni ile ile, karibu 28 ppm. Ni protoni mbili za CH₂ moja, ndiyo maana zinagawanyana kwa takriban 16 Hz. HSQC hiyo hiyo inaweka 4.57 kwenye kaboni ya karibu 83 na 3.98 kwenye ya karibu 69, zote zimeshika oksijeni. Kipande chako ni CH(O)–CH(O)–CH₂.

COSY inaishia hapo. Kaboni isiyo na protoni huikata njia kama mto uliofurika unavyokata barabara, na pete za aromatiki ziko ng'ambo. Daraja ni HMBC, chati inayounganisha protoni na kaboni zilizo mbali nayo kwa bondi mbili au tatu. Humo 4.57 inagusa kaboni za 115 na 120 za pete moja, na protoni za CH₂ zinagusa kaboni za pete nyingine, ikiwemo ya karibu 156 yenye oksijeni. Ukiunganisha pande hizo, unapata mifupa ya flavani-3-oli.

Imebaki kuchagua kati ya katekini na epikatekini, ambazo zote zina mifupa hiyo. Pima mgawanyiko wa 4.57: ukiwa karibu 7.5 Hz, protoni za 4.57 na 3.98 ziko trans, pande tofauti za pete, na hiyo ni katekini. Kwenye epikatekini kilele hicho hakigawanyiki waziwazi, na doa lake la COSY linaweza kufifia mpaka ukadhani halipo. Ila kama ni (+) au (−), NMR ya kawaida haitakuambia. Sampuli ipeleke kwenye polarimita, kifaa kinachopima inavyozungusha mwanga.